Uingereza, Ujerumani au Kanada: vipimo, bima na kadi za chanjo kwa mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki

Umepata barua mbili au tatu za kudahiliwa, ada za masomo umeshazilinganisha, na sasa umefika kwenye upande wa afya. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kila nchi inauliza swali tofauti. Uingereza inataka kuona mapafu yako na inakutoza fedha ya matibabu ya miaka yote kabla hujapanda ndege. Ujerumani haikupimi chochote, lakini haikusajili chuoni bila bima sahihi, na umri wako ndio unaoamua bima ipi ni sahihi. Kanada inakupima kuanzia kifua hadi damu, kisha suala la bima inaliachia mkoa utakaoishi.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa Mtanzania, Mkenya, Mganda au jirani yao anayeomba kibali cha kusoma kwa zaidi ya miezi sita. Anayekwenda kwa ajira atakuta mengi yanafanana, na pale yanapoachana tumesema.

Mambo ya kupimia

Kwa kila nchi tutauliza maswali manne yale yale. Kwanza, unapimwa nini, na nani, na majibu yanadumu muda gani? Pili, bima inalipwaje, kwa mkupuo au kidogo kidogo, na inaacha nini nje? Tatu, kadi ya chanjo inadaiwa wapi? Nne, nchi hiyo inamfaa nani, na nani atapata tabu?

Kabla ya kuanza, jambo moja linazigusa zote tatu. Kadi ya NHIF ya Tanzania au usajili wa SHA wa Kenya hauhesabiki kama bima kwa ubalozi wowote kati ya hizi, hata kama michango yako haijawahi kukatika. Bima ya nyumbani iache iendelee kwa ajili ya familia inayobaki, lakini usiiweke kwenye maombi ukidhani itapunguza chochote.

Uingereza

*Vipimo.* Kinachotafutwa ni kifua kikuu tu. Hakuna kipimo cha VVU, mkojo wala homa ya ini kwa ajili ya viza. Anayeomba kukaa zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo lazima awe na cheti kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Dar es Salaam na Nairobi kazi hiyo hufanywa na kliniki za IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Eksirei ya hospitali ya mkoa haikubaliwi, hata iwe safi kiasi gani na hata iwe imesainiwa na bingwa.

Siku ya kipimo unakwenda na pasipoti ile ile utakayoombea viza. Unaulizwa maswali ya afya, unapigwa eksirei, na picha ikiwa safi unapewa cheti chenye uhai wa miezi sita. Kinachoangaliwa ni kwamba cheti kiko hai siku unayotuma maombi, kwa hiyo kupima mapema mno nako ni hasara: anayepima Januari kwa masomo ya Septemba atarudia na kulipa tena. Mtoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi eksirei, lakini bado anapelekwa kliniki na kuonwa na daktari.

Tatizo huanza picha inapoonyesha doa. Mara nyingi si ugonjwa wa sasa, ni kovu la kifua kikuu kilichotibiwa zamani au nimonia ya utotoni. Kliniki haiwezi kukisia, hivyo inachukua makohozi ya asubuhi siku tatu mfululizo na kuyaotesha maabara. Kuotesha huko huchukua hadi wiki nane, na hakuna barua ya chuo inayoweza kuharakisha bakteria. Wanafunzi wengi waliopoteza muhula hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Walipima Julai, makohozi yakaoteshwa hadi Septemba, na darasa likaanza bila wao. Ukiwa na historia ya kifua kikuu, hesabu angalau miezi minne kabla ya kufungua chuo, na ubebe picha zako za zamani pamoja na kadi ya matibabu inayoonyesha dawa na tarehe ya kumaliza. Kovu ambalo halijabadilika tangu picha ya miaka iliyopita linamsaidia msomaji wa picha kuliko maelezo ya mdomo.

Mjamzito ana njia tatu: kupigwa eksirei huku tumbo limekingwa, kupimwa makohozi bila eksirei, au kusubiri hadi ajifungue. Uamuzi ni wake.

*Bima.* Huna haja ya kutafuta kampuni. Unalipa ada ya afya, inayoonekana kwenye fomu ya mtandaoni kama IHS, na baada ya hapo unatibiwa kwenye NHS, mfumo wa afya wa umma, kama mkazi. Tangu Februari 2024 mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa mwaka, na mtu mzima wa viza nyingine nyingi, ikiwemo ya kazi, pauni 1,035. Mwenye viza ya wahudumu wa afya hatozwi ada hii kabisa, ingawa kipimo cha kifua kikuu kinabaki pale pale.

Watu hukosea hesabu kwa kuzidisha miaka ya kozi tu. Ada inahesabiwa kwa urefu wa viza, na viza ya kozi ya miezi 12 au zaidi huongezwa muda kabla na baada ya masomo. Chukua shahada ya uzamili ya mwaka mmoja: mwezi mmoja kabla, miezi 12 ya masomo, miezi minne baada, jumla miezi 17. Mwaka wa kwanza ni pauni 776. Miezi mitano inayobaki haizidi nusu mwaka, kwa hiyo inatozwa nusu, pauni 388. Jumla ni pauni 1,164, na inalipwa yote kwa mkupuo kabla ombi halijapokelewa. Kwa shahada ya kwanza ya miaka mitatu unazungumzia zaidi ya pauni 2,700 siku moja, tena kwa kadi ya benki. Kadi nyingi za kwetu zina kikomo cha matumizi ya siku kilicho chini ya hapo, basi wapigie benki wakiongeze kabla hujafika kwenye ukurasa wa malipo. Viza ikikataliwa, ada hii inarudishwa.

Ada hiyo inagharamia daktari wa mtaa, hospitali, uzazi na magonjwa uliyokuja nayo. Hakuna anayekuuliza kama ulikuwa na kisukari kabla ya kufika. Kilicho nje ni meno, macho, na kwa anayeishi Uingereza yenyewe ada ya dawa, pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa hizo ni bure.

*Chanjo.* Viza haidai cheti chochote cha chanjo. Kitivo cha uuguzi au udaktari ndicho kitakachouliza kinga ya homa ya ini B, surua na tetekuwanga kabla hujaingia wodini.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye ugonjwa wa kudumu, anayetarajia kujifungua, na mwenye mfadhili anayelipa kila kitu mwanzoni. Inambana mwenye fedha zinazopatikana kidogo kidogo. Inambana pia mzazi: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto. Wa shahada ya uzamivu, wa uzamili wa utafiti na wenye ufadhili wa serikali ndio waliobaki na ruhusa hiyo, na kila anayeandamana nao analipiwa pauni zake 776 kwa mwaka.

Ujerumani

*Vipimo.* Kwa viza ya taifa ya masomo, hakuna kipimo cha kifua wala damu. Aliyewahi kuugua kifua kikuu haulizwi, na anayetumia dawa za kufubaza VVU haulizwi. Kwa mtu mwenye kovu kwenye mapafu, hii inaokoa miezi.

*Bima.* Uzito wote umehamia hapa, na hapa tutakaa zaidi.

Kuna bima za aina tatu, na zinachanganywa kila siku. Ya kwanza ni bima ya safari ya kuingilia. Ubalozi unaitaka iwe na kinga ya angalau yuro 30,000 na ianze siku unayotua. Kazi yake ni kuziba pengo kati ya uwanja wa ndege na siku ya kusajiliwa chuoni, basi. Ya pili ni bima ya umma, inayotolewa na mifuko kadhaa yenye huduma zinazokaribiana sana. Ya tatu ni bima ya kampuni binafsi.

Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 anaingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi. Ukijumlisha na bima ya matunzo ya uzeeni na ulemavu, ambayo haitenganishwi nayo, andaa takriban yuro 140 hadi 160 kwa mwezi. Mfuko hauruhusiwi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Unagharamia daktari, hospitali, uzazi, afya ya akili na sehemu kubwa ya meno, na unaanza bila muda wa kusubiri. Mwenza na mtoto wasio na kipato wanaingia humo humo bila nyongeza, jambo ambalo hutalipata kwenye nchi nyingine mbili kwa urahisi huu.

Utaratibu wake ni huu. Ukiwa bado nyumbani unajisajili kwenye mfuko mmoja kwa mtandao, kwa pasipoti na barua ya chuo. Mfuko hutuma taarifa ya kielektroniki moja kwa moja kwa chuo, na vyuo huiita M10. Bila M10 chuo hakikusajili. Kosa la kawaida ni mtu kupeleka karatasi ya bima ya safari kwenye dirisha la usajili akiamini amemaliza. Anarudishwa, na siku za mwisho za usajili zinapita.

Sasa umri. Ukifika Ujerumani ukiwa umetimiza miaka 30, mlango wa bei ya wanafunzi umefungwa. Kujiunga kwa hiari kunataka uwe umewahi kuwa kwenye bima ya umma ya nchi ya Umoja wa Ulaya kwa muda fulani, kitu ambacho mtu anayetoka Moshi au Kisumu hana. Kinachobaki ni kampuni binafsi. Anayekuja kwa kozi ya lugha kabla ya shahada naye yuko upande huo, kwa sababu bado si mwanafunzi kamili machoni pa mfuko.

Bima binafsi zipo hata za chini ya yuro 50 kwa mwezi, na bei hiyo ndiyo chambo. Soma mambo matano kabla ya kulipa: inasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwepo kabla, mjamzito anasubiri miezi mingapi, afya ya akili imo au haimo, unajilipia kiasi gani kabla kampuni haijaanza kulipa, na mkataba unakoma lini. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha watu. Ofisi ya wageni inayotoa kibali cha ukaazi inataka kinga inayokaribiana na ya umma, na bima nyingi za bei nafuu zimeandikwa kama za safari ndefu. Viza uliipata, umeshaingia nchini, na miezi mitatu baadaye afisa anaikataa karatasi ile ile. Muulize wakala swali moja kwa maandishi: je, bima hii inakubaliwa kwa kibali cha ukaazi, au kwa viza tu?

Kuna mtego mwingine kwa walio chini ya miaka 30. Unaweza kuomba kutolewa kwenye bima ya umma ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ili ulipe hiyo ya yuro chache. Ukishatolewa, hurudi kama mwanafunzi hadi masomo yaishe. Ukipata mimba mwaka wa pili au ukigundulika na presha, hakuna pa kugeukia. Kwa maoni yetu akiba ile haifai hatari hiyo, isipokuwa kwa mtu wa muhula mmoja tu.

Ajira inabadilisha kila kitu. Anayekuja kwa mafunzo ya ufundi yenye mkataba, mathalani uuguzi, au kwa uzamivu wenye mkataba wa kazi chuoni, anaingia bima ya umma kama mwajiriwa hata akiwa na miaka 35, na mwajiri anachangia karibu nusu.

*Chanjo.* Tangu Machi 2020 sheria ya surua inamtaka kila mtoto anayeingia chekechea au shule kuonyesha kinga, dozi mbili kwa aliyetimiza miaka miwili. Inawagusa pia wafanyakazi wa hospitali na shule waliozaliwa baada ya 1970, hivyo mwanafunzi wa uuguzi yumo. Kadi ya kliniki ya Tanzania au kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya kinatosha kama ushahidi, mradi tarehe za miezi 9 na 18 zinasomeka. Mtu mzima aliyepoteza kadi hupimwa kingamwili kwa damu, au huchanjwa upya.

*Inamfaa nani.* Kijana wa chini ya miaka 30, mwenye familia ndogo isiyo na kipato, na yeyote mwenye historia ya mapafu. Mwanafunzi aliyevuka 30, asiye na mkataba wa kazi, na mwenye ugonjwa wa kudumu ndiye anayepaswa kufikiri mara mbili, maana kampuni binafsi itaweka ugonjwa wake nje.

Kanada

*Vipimo.* Hapa unapimwa zaidi ya kote. Aliyeishi Afrika Mashariki miezi sita mfululizo katika mwaka uliotangulia, na anataka kukaa zaidi ya miezi sita, lazima aonwe na daktari aliyeidhinishwa na idara ya uhamiaji ya Kanada. Anayekwenda kufanya kazi ya hospitali au ya kulea watoto anapimwa hata kama anakaa muda mfupi. Daktari wako wa siku zote hawezi kufanya kazi hii.

Mtu mzima anachunguzwa mwili mzima, anatoa mkojo, anapigwa eksirei, na damu inapimwa VVU, kaswende na hali ya figo. Mtoto wa chini ya miaka mitano anachunguzwa kwa macho na mikono ya daktari tu. Eksirei huanza miaka 11 na damu miaka 15. Majibu hayapewi wewe uyapeleke: daktari anayatuma kwa mtandao, na wewe unabaki na karatasi inayothibitisha kuwa umepimwa. Yanadumu miezi 12.

Unaweza kusubiri maagizo ya kwenda kupimwa, yaitwayo IMM 1017, baada ya kutuma ombi, au kupima kabla na kuambatisha ile karatasi. Kupima kabla kunaokoa wiki kadhaa. Hasara yake ni kwamba ombi likikataliwa kwa sababu nyingine, fedha ya daktari haitarudi.

VVU si sababu ya kukataliwa yenyewe. Kinachopimwa ni kama gharama za matibabu yako zingezidi kiwango kilichowekwa, ambacho tangu 2018 ni mara tatu ya wastani wa matumizi ya Mkanada mmoja. Ugonjwa unaodhibitiwa kwa vidonge vya bei nafuu na ule unaohitaji kusafishwa damu kila wiki havisimami mahali pamoja kwenye hesabu hiyo. Nenda na barua ya kliniki yako ya CTC inayotaja dawa, tangu lini, na kiwango cha virusi cha mwisho. Anayetumia dawa hizo akaficha hasaidiki, kwa kuwa damu itasema, na uongo kwenye fomu ni kosa zito kuliko ugonjwa.

Kovu la kifua kikuu linaleta makohozi na kusubiri, kama Uingereza. Likionekana limetulia, unaweza kupewa kibali pamoja na agizo la kujiandikisha kwa idara ya afya ya mkoa ndani ya siku 30 tangu ufike. Agizo hilo si adhabu, lakini kulipuuza kunaharibu maombi ya baadaye.

*Bima.* Hakuna bima moja ya Kanada. Alberta humpa mwanafunzi mwenye kibali cha miezi 12 au zaidi bima ya mkoa bila malipo. Saskatchewan nayo inawakaribisha wanafunzi wa kigeni. British Columbia inatoza mwanafunzi mzima dola 75 za Kanada kwa mwezi, na inaanza baada ya kusubiri: siku zilizobaki za mwezi uliofika, kisha miezi miwili kamili. Ukitua tarehe 28 Agosti, kinga inaanza Novemba mosi. Ukitua tarehe 2 Septemba, inaanza Desemba mosi. Siku tano za tofauti zimekuletea mwezi mzima wa kununua bima ya muda.

Ontario na Manitoba haziwapi wanafunzi wa kigeni bima ya mkoa. Vyuo vikuu vya Ontario vinakuingiza kwenye mpango wao wa lazima, UHIP, unaolipwa pamoja na ada za masomo, mia kadhaa za dola kwa mwaka. Quebec inawapokea wanafunzi wa nchi chache zenye mkataba nayo, na hakuna ya Afrika Mashariki, hivyo wengine hununua bima ya kundi kupitia chuo. Kwa jumla dawa za nyumbani, meno na macho viko nje ya bima za mikoa.

*Chanjo.* Kibali cha masomo hakidai kadi ya chanjo. Shule ya mtoto ndiyo inayodai. Ontario ina sheria inayotaka, pamoja na nyingine, surua, rubela na matumbwitumbwi. Chanjo ya kwetu ya miezi 9 na 18 ni ya surua na rubela tu. Kadi iliyojaa mihuri yote ya kliniki ya Temeke au Kibera bado itakuwa na pengo la matumbwitumbwi, na shule itaandika barua. Dozi hutolewa huko huko.

*Inamfaa nani.* Mwenye afya ya kawaida ambaye mkoa wake ni Alberta au Saskatchewan atatumia fedha kidogo kuliko kote. Mwenye ugonjwa wa gharama kubwa ndiye mwenye shaka zaidi hapa, tena atajua majibu akiwa ameshalipa.

Mfano mmoja, nchi tatu

Tuchukue muuguzi wa Mwanza mwenye miaka 31. Alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita mwaka 2019, ana mtoto wa miaka minne, na anataka shahada ya uzamili ya afya ya jamii inayoanza vuli.

Kwa Uingereza, kozi ya darasani inamzuia kuja na mtoto, kwa hiyo swali linaanza na nani atabaki naye. Kama bibi yupo tayari kumlea, muuguzi huyu asafiri Dar mwezi Aprili, si Julai, akiwa na picha zake za 2019 mkononi. Makohozi yakioteshwa, majibu yanatoka Juni na muda wa viza bado upo. Bima yake ni pauni 1,164 mara moja, na historia ya mapafu haimzuii kutibiwa.

Kwa Ujerumani, hapimwi na anaruhusiwa kuomba kuja na mtoto. Lakini ana miaka 31, basi yeye na mtoto watakuwa kwenye bima binafsi, kila mmoja na malipo yake, na kifua kikuu kitaandikwa kama ugonjwa uliotangulia. Angeomba kazi ya uuguzi badala ya shahada, angeingia bima ya umma na mtoto angeingia bure. Ni mtu yule yule, umri ule ule, na tofauti ni mkataba tu. Kadi ya kliniki ya mtoto ibebwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu chekechea haitampokea bila dozi mbili za surua.

Kwa Kanada, anapimwa yeye na mtoto. Picha yake itaibua maswali, kwa hiyo apime kabla ya kutuma ombi, tena mapema. Chuo cha Alberta kikimpokea, kibali cha miaka miwili kinampa bima bila ada. Chuo cha Toronto kitamtoza UHIP yake na ya mtoto, na shule ya awali itadai matumbwitumbwi.

Kadi ya njano

Hakuna hata moja ya nchi hizi inayodai cheti cha homa ya manjano. Kinachodai ni njia. Ukiunganisha ndege na kukaa zaidi ya saa 12 Addis Ababa, au ukirudi Tanzania kupitia nchi yenye ugonjwa huo, unaweza kuulizwa. Chanjo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, hivyo kuchanjwa wiki ya safari hakusaidii. Tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Jina kwenye kadi lilingane na la pasipoti, na muhuri wa kituo usomeke. Kadi zilizonunuliwa bila sindano ni hatari mara mbili, kwa afya na kwa sheria.

Kwa hali yako

Ukiwa na miaka 22 hadi 29, mzima, na fedha zinakuja kwa mwezi, bima ya umma ya Ujerumani ndiyo rahisi kubeba. Jisajili kwenye mfuko kabla ya kusafiri, na ununue bima ya safari inayogusa siku ya kwanza.

Ukiwa umevuka 30 na huna mkataba wa kazi, linganisha Uingereza na mikoa ya Kanada yenye bima ya umma kabla ya Ujerumani. Ukiwa na mkataba, Ujerumani inarudi juu ya orodha.

Ukiwa umewahi kutibiwa kifua kikuu, Ujerumani haina kizuizi. Kwa nchi nyingine mbili, tafuta picha za zamani leo hii, maana hospitali huzitupa baada ya miaka, na panga kipimo miezi minne hadi mitano kabla ya masomo.

Ukitumia dawa za kila siku, iwe za VVU, kisukari au presha, Uingereza na bima ya umma ya Ujerumani hazitakuuliza. Kanada itakuuliza, nawe ujibu ukiwa na barua ya daktari. Kokote uendako, beba dawa za miezi mitatu zikiwa kwenye vifungashio vyake, pamoja na barua yenye majina ya kitaalamu ya dawa, kwa sababu miadi ya kwanza na daktari mpya inaweza kuchelewa.

Ukiwa mjamzito au unapanga mimba, epuka bima binafsi yenye muda wa kusubiri, na kwa Kanada pata kwanza jibu la mkoa kuhusu siku kinga inapoanza. Eksirei unaweza kuiahirisha hadi ujifungue, lakini kibali nacho kitasubiri.

Ukiwa na watoto, piga picha kila ukurasa wa kadi za kliniki, kisha nenda kituo chako ukaombe nakala iliyoandikwa kwa Kiingereza yenye tarehe na jina la kila chanjo. Kwa Ujerumani onyesha surua. Kwa Ontario tarajia dozi ya ziada, na uipange wiki ya kwanza baada ya kufika, kabla shule haijaandika barua.